Nilimnyamazia bosi wangu wa zamani tangu 2019. Nimuulizeje kuhusu nafasi za kazi?

*Shikamoo mshauri. Nina miaka 36, naishi Temeke, nafanya kazi kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Kuanzia 2014 hadi 2019 nilikuwa kampuni nyingine, dawati la mizigo ya transiti, chini ya mama mmoja ambaye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinitoa kwenye kupeleka makaratasi bandarini hadi nikawa nasimamia faili za Lubumbashi peke yangu. Mwaka 2017 alinituma Tunduma kufuatilia malori yaliyokuwa yameshavuka lakini dhamana zake za forodha hazijafungwa, na nilirudi zote zimefungwa. Niliondoka vizuri, alinipa baraka zake.*

*Baada ya hapo nikanyamaza. Si kwa ugomvi, ni maisha tu. Mwaka 2021 mume wake alifariki, nikaona kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi wa zamani. Nilisema nitapiga simu kesho. Sikupiga, na kila mwezi ulivyopita nikaona aibu zaidi.*

*Sasa kampuni yangu imepoteza wateja wawili wakubwa, mshahara haujaingia miezi mitatu. Nimesikia yule mama ni mkuu wa oparesheni kwenye kampuni kubwa yenye mizigo mingi ya Kongo. Namba yake ninayo. Naandika ujumbe, naufuta. Rafiki mmoja anasema nianze kumsalimia wiki mbili tatu, tukizoeana ndiyo niombe. Mwingine anasema nitume wasifu moja kwa moja, asiponijibu basi. Nifanyeje asione nimemkumbuka kwa shida?*

*Mtu wa transiti, Temeke*

---

Marahaba.

Rafiki zako wote wawili wamekosea, na huyo wa kwanza amekosea zaidi. Umemkumbuka kwa shida, na yeye atalijua hilo ndani ya sentensi mbili hata ukilifunika vipi. Mtu aliyesimamia wafanyakazi kwa miaka mingi ameshatafutwa na wengi namna hii, na kutafutwa kwenyewe hakumuudhi. Kinachomuuma ni kupokea salamu za wiki tatu, akafurahi kwamba kijana wake amemkumbuka, akakueleza habari za watoto na za nyumbani, halafu siku ya ishirini akagundua kwamba yote yale yalikuwa njia ya kufikia ombi. Hapo hata zile salamu zinageuka kuwa uongo, na ile pole ya msiba uliyomtumia wiki ya kwanza inageuka kuwa uongo pia. Kwa hiyo shida yako isifichwe. Itajwe mapema, kwa ufupi, na isitangulie mambo yanayostahili kutangulia.

Nitaanza na upande wake, kwa sababu ndiko ujumbe wako unakokwenda kusomwa. Namba iliyokaa kimya miaka mingi inapotokea kwenye simu ya mtu wa Dar es Salaam ikiandika "Mambo, upo?" au "Shikamoo" tupu, huyo mtu huwaza mambo matatu: ni mchango wa harusi, ni mkopo, au ni tapeli aliyeiba namba ya mtu ninayemfahamu. Miaka ya "ile pesa tuma kwenye namba hii" imetufundisha wote kushuku. Wengi hawajibu kabisa. Wengine hujibu "Poa" na kusubiri pigo. Kwa hiyo ujumbe wako wa kwanza uende mzima, kwa mkupuo mmoja, ukiwa na jina lako kamili, mahali mlipokuwa pamoja na kitu ambacho tapeli hawezi kukijua. Kwako kitu hicho ni Tunduma.

Kabla ya kuandika, fanya kazi ndogo mbili. Kwanza hakikisha namba bado ni yake. Laini isiyotumika muda mrefu hurudishwa na kampuni ya simu na kupewa mtu mwingine, na sipendi pole ya msiba wa mume wake isomwe na kijana wa Mbagala asiyejua lolote. Tazama picha ya WhatsApp. Kama haionyeshi chochote, muulize mmoja wa wale wa kundi la zamani, na umuulize namba tu bila kumweleza unaitakia nini. Pili, jua cheo chake hasa na kazi anayosimamia. "Nimesikia ni mkuu wa oparesheni" ni habari ya kijiweni. Huenda anasimamia transiti yote, huenda anasimamia maghala na malori peke yake, na swali utakaloliuliza linategemea hilo. Tazama ukurasa wa kampuni, tazama LinkedIn kama anayo, au uliza madereva wanaowabebea mizigo. Wao hujua nani anasaini nini kuliko mtu yeyote.

Sasa msiba. Hapa ndipo uliponata, na nadhani ndiyo sababu unaandika na kufuta. Pole iliyochelewa hupokelewa. Mjane huyakumbuka majina ya waliofika na ya wasiofika, ni kweli, lakini baada ya miaka kadhaa watu wameacha kumtaja marehemu mbele yake, na anayemtaja kwa heshima humpa kitu ambacho wengine wameacha kumpa. Masharti ni mawili. La kwanza, usijieleze. Ukianza kusema ulikuwa na matatizo, ulikuwa safarini, simu iliharibika, unamfanya yeye ndiye akufariji wewe. Sema ulishindwa kupiga, basi. La pili, usitume pesa. Najua kwetu rambirambi huenda na bahasha, na najua mkono utawasha kurusha elfu hamsini kwenye simu yake ili pole iwe na uzito. Kwa wakati wake lingekuwa jambo jema. Sasa hivi, pesa inayofika wiki hiyohiyo unayouliza nafasi za kazi kwenye kampuni anayoisimamia inaweza kusomeka kama hongo, na yeye ndiye atakayebaki na kumbukumbu ya muamala huo kwenye simu yake. Usimtie kwenye hali hiyo. Kama moyo bado unakusukuma, nenda ukamwone nyumbani siku suala la kazi limeshakwisha, liwe limejibiwa ndiyo au hapana.

Ujumbe wenyewe ningeuandika hivi. Ubadilishe uwe wa kwako, ila usiurefushe:

> Shikamoo Mama. Ni mimi (jina lako kamili), nilikuwa kwako dawati la transiti 2014 hadi 2019. Ndiye uliyenituma Tunduma 2017 kufunga zile dhamana za Lubumbashi.
>
> Mama, nilipata habari za msiba wa Baba 2021 na sikukupigia. Nilipaswa kupiga. Pole sana, naomba uipokee japo imechelewa.
>
> Nina jambo la kazi pia, na sitaki kulizungusha. Natafuta nafasi upande wa transiti na ningependa kukuuliza maswali mawili matatu kwa simu, dakika kumi, siku na saa utakayoona inakufaa. Hata kama kwenu hakuna nafasi, mawazo yako yatanisaidia. Bado nipo kazini, kwa hiyo naomba libaki kwetu.

Angalia mpangilio wake. Yeye ametangulia, shida yako imefuata, na zimetenganishwa na aya ili pole isigeuke kuwa ngazi ya kupandia. Ombi ni la dakika kumi za simu, jambo ambalo anaweza kulikubali bila kumuuliza mtu yeyote ofisini kwake. Ungeandika "naomba unisaidie kazi", angelazimika kuamua papo hapo kitu ambacho pengine hana mamlaka nacho, na mtu wa aina hiyo akishindwa kuamua huuacha ujumbe "nitajibu baadaye", halafu hausomi tena. Neno "libaki kwetu" nalo lina kazi yake. Mawakala wa Dar es Salaam wanakutana bandarini kila siku, dirisha lile lile, na habari kwamba unatafuta pa kwenda inaweza kufika kwa mwajiri wako kabla hujafika nyumbani.

Usiambatanishe wasifu kwenye ujumbe huu. Faili ikija na pole ya msiba, pole inakuwa karatasi ya juu ya faili. Usitume sauti pia, maana sauti ya dakika mbili inamtaka atafute pa kusikilizia, na hawezi kuipitia kwa jicho akiwa kikaoni. Tuma katikati ya wiki, saa kumi jioni hivi, kazi ya siku inapopungua. Epuka Jumatatu, na epuka siku za mwisho wa mwezi ambazo mtu wa oparesheni anapigiwa simu na kila mteja.

Kuhusu kama inafaa kumtafuta mtu uliyemnyamazia miaka yote hii, lipo jambo linaloweza kukutoa hofu. Mwaka 2011 watafiti watatu, Daniel Levin, Jorge Walter na Keith Murnighan, walichapisha utafiti walioufanya kwa mameneja. Waliwaomba wawatafute watu waliowahi kufahamiana nao lakini hawajawasiliana kwa miaka mitatu au zaidi, wawaombe ushauri juu ya kazi iliyokuwa mezani kwao. Ushauri uliotoka kwa watu hao wa zamani ulikuwa na mapya mengi kuliko ule wa watu wanaoonana nao kila siku, na pale ambapo zamani walikuwa karibu, imani ilikuwa bado ipo. Sababu yake inaeleweka: walio karibu nawe leo wanajua unayoyajua, wakati aliyekuwa mbali amezungukwa na watu wengine na habari nyingine. Lakini angalia kwamba mameneja wale waliomba ushauri. Hawakuomba ajira. Ndiyo maana nakusukuma uulize maswali kwanza.

Akikubali simu, ataanza na marehemu au ataanza na wewe. Akianza na marehemu mwache aongee, hata dakika nane kati ya kumi ziishe. Usiangalie saa. Akimaliza yeye mwenyewe atasema "haya, niambie", kwa sababu ulishamwambia kwamba lipo jambo. Hiyo ndiyo faida ya kulitaja mapema: huhitaji kutafuta upenyo katikati ya majonzi yake.

Hapo uwe na maneno tayari. Anza na hali yako kwa sentensi mbili, kwa mfano: "Kampuni niliyopo imepoteza wateja wakubwa na kazi ya transiti imepungua sana. Natafuta mahali ambapo kazi hiyo ipo." Habari za mishahara ya miezi mitatu usizianze wewe. Akiuliza, jibu kweli, bila kumsema vibaya mwajiri wako. Anakupima hapo: utakavyomzungumzia bosi wako wa sasa ndivyo utakavyomzungumzia yeye siku moja.

Kisha maswali. Ningekwenda na matatu. La kwanza ni la kazi yenyewe: ni nini kimebadilika kwenye transiti ya Kongo kwa upande wao? Swali hili si la kujipendekeza. Mlipoachana, TICTS ndiyo iliyokuwa inaendesha kitengo cha kontena. Mkataba wake ulikwisha mwishoni mwa 2022, DP World ikaanza kazi upande wake wa bandari 2024, na mwaka huohuo kampuni yenye ubia wa Adani ikaingia kwenye kitengo kile cha kontena. Kampuni kubwa na ndogo hazikuyapokea mabadiliko hayo kwa namna moja. Jibu lake litakuonyesha wanabanwa wapi, na wanapobanwa ndipo wanapohitaji mtu. Akisema, kwa mfano, tatizo lao ni dhamana kukaa wazi muda mrefu kwa sababu lori limeshavuka Tunduma lakini kuvuka kwake hakujathibitishwa kwenye mfumo, na kiasi cha dhamana kimekwama hapo wakati mzigo mpya unasubiri, huhitaji kujisifu. Sema tu: "Ndiyo ile kazi ya 2017, Mama. Na hapa nilipo ndiyo ninayoifanya." Kisha mweleze kwa sentensi moja unaifanyaje sasa: unafuatilia faili ngapi kwa wakati mmoja, na nani wa mpakani anakujibu ukipiga.

La pili ni la njia: kwa nafasi kama yangu, kampuni yenu hutangaza au hupokea wasifu moja kwa moja, na unapokelewa na nani? Kampuni kubwa nyingi zina idara ya rasilimali watu inayoshika mlango, na mkuu wa oparesheni hawezi kumuingiza mtu kwa jina lake tu hata akimpenda. Anachoweza ni kukuambia nafasi inafunguka lini kabla haijatangazwa, ni sifa gani wanaitazama kwanza, na kumwambia mhusika "huyu namfahamu". Hilo la mwisho lina thamani kubwa sana na halimgharimu kitu, mradi umempa cha kusema. Ndiyo maana usiseme unataka "kazi yoyote". Ukisema yoyote hana pa kukuweka kichwani. Sema unatafuta uafisa au usimamizi wa dawati la transiti, njia ya Tunduma au ya Rusumo. Kama una cheti cha EACFFPC kinachotolewa kwa mawakala wa forodha wa Afrika Mashariki, kitaje, na kama huna, jua kwamba swali hilo linaweza kuja. Usiseme "ninacho" kwa kitu ambacho bado unakisomea.

La tatu ni la pembeni, na mara nyingi ndilo linalozaa: kama kwenu hakuna, ungekuwa wewe ungegonga mlango wa nani? Mtu asiyeweza kukupa kazi kwake hufurahi kuwa na kitu kingine cha kukupa. Akitaja kampuni, muulize kama unaweza kusema yeye ndiye aliyekuelekeza. Usilitumie jina lake bila kuuliza. Akisita, acha, na usimuulize sababu.

Kuna jambo moja ambalo usiliguse hata akilichokoza: wateja wa kampuni uliyopo. Mtu wa transiti akihama, swali huwa kama atahama na wateja, na wapo wanaoona orodha ya wateja kuwa ndiyo sifa yao kubwa. Orodha hiyo si yako. Pengine hata mkataba wako umeikataza. Na mama aliyekulea kazini akikuona unafungua mafaili ya mwajiri wako kwenye simu ya kwanza, atajiuliza utayafungua lini ya kwake.

Simu ikiisha, jioni hiyohiyo mwandikie mistari miwili: asante, na jambo moja alilosema ambalo utalifanyia kazi. Kama alisema "nitumie wasifu", utume usiku huo au kesho asubuhi, kurasa mbili, PDF, faili likiwa na jina lako na neno transiti ili alipate hata baada ya mwezi. Juu kabisa ya wasifu weka miaka uliyokuwa chini yake na kazi uliyoifanya, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu anayoweza kuithibitisha kwa kinywa chake. Usimtumie barua ya maombi iliyoandikwa kwa "Ndugu Mwajiri". Mwandikie yeye mistari mitatu ambayo anaweza kuisogeza mbele kwa mtu wa rasilimali watu bila kuongeza neno.

Majibu yake utayasomaje? Sisi ni watu wa adabu na "hapana" yetu huja na nguo nyingi. "Sawa, nitakuangalizia" bila kukuuliza chochote ni hapana ya upole. Ishukuru na usiirudie. "Tuma wasifu tuone" ni nusu: amekubali kuupokea, lakini hajasema ataufanyia nini, kwa hiyo tuma kisha uulize mara moja tu baada ya wiki mbili. Jibu lenye kitu ndani yake, yaani tarehe, jina la mtu, cheo fulani, au swali kama "mkataba wako wa sasa unaishaje?", hilo ndilo la kushika kwa mikono miwili. Na akijibu pole yako kwa kirefu lakini akapita kimya juu ya suala la kazi, ujue ameliona. Usilirudishe kwenye mazungumzo yale. Acha wiki, kisha andika sentensi moja: "Mama, lile suala la kazi nililolitaja, kama si wakati wake nitaelewa kabisa." Unampa mlango wa kutokea, na mtu aliyepewa mlango huo mara nyingi hukaa akazungumza.

Asipojibu kabisa, subiri siku kumi hadi wiki mbili. Kisha mtumie mara moja zaidi, ujumbe mfupi usio na lawama: usiseme "naona umesoma" hata kama alama za bluu zinakutazama. Baada ya hapo acha. Usimtafute kwa namba nyingine, usimfuate ofisini, usimtume mtu wa kundi lile la zamani akuombee. Kimya chake kinaweza kuwa cha msiba, cha kazi, au cha mamlaka asiyokuwa nayo, na wewe huna namna ya kujua ni kipi. Wapo wengine uliofanya nao kazi 2014 hadi 2019: wa dawati la malipo, wa ghala, wale wa kampuni za malori. Watafute hao kwa namna hiihii, kila mmoja kwa ujumbe wake na kumbukumbu yake. Usiwatumie wote ujumbe mmoja, kwa sababu wawili wakikaa meza moja watalinganisha.

Akikupa njia na ukafika kwenye usaili, mwambie. Ukipata, mwambie yeye kabla ya kundi. Ukikosa, mwambie vilevile, kwa sentensi moja, na umshukuru. Wengi hukosa hapa: wanapokea msaada, mambo yanakwama, wanaona aibu, wananyamaza tena. Kwako kimya cha pili ndicho ambacho hakitasameheka kirahisi.

Mambo mawili ya mwisho, kabla mambo hayajaanza kwenda haraka. Akikuambia "tunakuhitaji Jumatatu", usikubali kwa furaha tu. Kwa sheria ya ajira ya 2004, anayelipwa kwa mwezi hutoa taarifa ya siku zisizopungua 28 kwa maandishi, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Mwambie tarehe ya kweli unayoweza kuanza. Yeye anaijua sheria hiyo, na atakuheshimu kwa kuifuata. Na ukiondoka dai cheti cha utumishi, ni haki yako.

La pili ni mishahara yako ya miezi mitatu. Kuhama hakuifuti. Iandike kama dai sasa hivi, kwa barua yenye tarehe, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Madai ya mshahara hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na mshahara wa mwezi wa kwanza huenda siku zake zimeshakwisha au zinakaribia kwisha. Nenda ofisi yao ya Dar es Salaam wiki hii, uwaulize siku zako zinahesabiwaje, kwa sababu waliochelewa wanaweza kuomba kuongezewa muda wakitoa sababu. Hili usisubiri mpaka yule mama ajibu.